Barua ya Mume kwa Mke Kuhusu Mkopo Aliouficha: Namna ya Kuiandika na Mpango wa Kulimaliza Deni

Mume akishaamua kumwambia mkewe kuhusu mkopo aliouficha, kishawishi kinachomvamia ni kutaja nusu. Deni ni milioni mbili, yeye anasema laki nane, akijipa moyo kwamba iliyobaki ataimaliza kimya kimya. Baada ya wiki chache meseji ya mkopeshaji mwingine inaingia kwenye simu ya mke, na hapo hata ule ukweli wa mwanzo unageuka uongo. Nimekaa miaka mingi kwenye dirisha la mikopo la Saccos na wanandoa wengi wamepita mbele yangu. Nilichokiona ni kwamba mke anaweza kustahimili deni kubwa aliloambiwa lote kwa siku moja. Deni dogo analoletewa kwa vipande ndilo linalomfukuza nyumbani.

Ndiyo maana nashauri barua. Mdomo hupunguza namba, hasa ukiona sura ya mwenzio inabadilika. Karatasi haipunguzi, na mke anaweza kurudia kuisoma usiku akiwa peke yake na kuuliza jambo ambalo mchana halikumjia. Ila barua haichukui nafasi ya mazungumzo. Kazi yake ni kuyaandaa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga mwenyewe, lakini namba na mazingira yake ni ya kawaida kabisa. Mume ni mfanyakazi wa kampuni mjini Morogoro, na kabla ya mikopo mshahara uliomfikia mkononi ulikuwa shilingi 720,000. Mke anauza vitenge na yumo kwenye kikoba. Mwezi wa sita mume alikopa 1,500,000 Saccos ya kazini, na mwezi wa saba akaongeza 800,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu. Zote akanunulia mpunga Ifakara. Biashara ikaharibika, na mke hajui lolote.

Kwanza, likusanye deni lote

Usishike kalamu kabla hujapata salio la kila mkopo kwa tarehe moja. Chagua siku ya mwisho wa mwezi, kwa sababu makato ya mshahara na riba nyingi huhesabiwa siku hiyo. Katika mfano wetu tarehe ni 30 Novemba.

Saccos omba taarifa ya mkopo iliyoandikwa, inayoonyesha umebakiza marejesho mangapi na kila rejesho ni kiasi gani. Mume wetu anakatwa 137,500 kila mwezi kwa miezi 12 kuanzia Julai. Baada ya makato ya Novemba atakuwa amebakiza marejesho saba, yaani 962,500.

Kwa mkopeshaji wa mtaani usiulize tu "nadaiwa ngapi." Uliza: "Nikija tarehe 30 na kumaliza kila kitu, nalipa ngapi?" Haya ni maswali mawili tofauti. Mkopo wa 800,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unazaa 160,000 kila mwezi, na riba hiyo haigusi mtaji hata kidogo. Mume ameshalipa riba ya Agosti, Septemba na Oktoba, jumla 480,000, na bado anadaiwa 800,000 zilezile. Akimaliza tarehe 30 Novemba, ataongeza na riba ya mwezi huo, kwa hiyo jibu ni 960,000.

Kuna na programu za mikopo za simu. Watu huziacha nje ya hesabu kwa kuziona ndogo, nami huwa naziuliza kwanza, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazomfikia mke mapema. Unapojisajili, programu hudai namba za watu wako wa karibu, na nyingine huchota majina yote yaliyomo kwenye simu. Ukichelewa siku chache, meseji za kukuaibisha zinaanza kwenda kwa shemeji, kwa bosi na kwa mke. Mume wetu alikopa 90,000 kwenye programu mbili, na kwa adhabu za ucheleweshaji zitakuwa 115,000 kufikia tarehe 30.

Jumla ni 962,500 na 960,000 na 115,000, yaani shilingi 2,037,500. Namba hiyo ndiyo itakayoingia kwenye barua. Usiandike "kama milioni mbili hivi." Neno "kama" kwenye barua ya namna hii linasomeka kwamba bado kuna kitu umekibakiza.

Baada ya hapo pitia simu yako. Tafuta neno "mkopo" kwenye meseji zote, omba kampuni ya simu ikupe taarifa ya miamala ya miezi sita, na usome hati zako za mshahara za kipindi hicho mstari kwa mstari. Kazi hii inachukua jioni moja na mara nyingi inafufua kitu kilichosahaulika: bidhaa uliyochukua dukani kwa malipo ya kidogo kidogo, au mchezo wa kazini uliopokea na bado unadaiwa zamu za wenzio.

Angalia ulichoweka rehani na ulichosaini

Hili halina mzaha. Wapo wakopeshaji wasioandika mkataba wa mkopo. Wanakusainisha mkataba wa mauziano wa kiwanja, nyumba au chombo, wakisema ni utaratibu tu. Ukisaini karatasi ya namna hiyo, barua lazima iseme, kwa sababu siku moja mtu anaweza kubisha hodi akidai ameshanunua.

Ikiwa mali yenyewe ni nyumba mnayoishi, sheria iko upande wa mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani. Ndiyo maana baadhi ya waume hughushi saini ya mke au hupeleka mwanamke mwingine akajifanya ndiye. Kama ulifanya hivyo, nenda kwa mwanasheria au msaidizi wa kisheria kabla ya kumaliza barua, kwa kuwa hapo kuna jinai. Na katika barua liandike jambo hilo kwa jina lake. Mke ana haki ya kujua kwamba jina lake limo kwenye karatasi asiyoijua.

Kitu kingine ambacho kausha damu hukishika ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara wanatoa chao kwanza, kisha wanakupigia simu ukachukue kilichobaki. Hiyo ndiyo hali ya mume wetu: mshahara unaingia 582,500 baada ya makato ya Saccos, mkopeshaji anatoa 160,000, na nyumbani zinafika 422,500.

Mpango uanzie kwenye kitu chako

Mpango wa kulipa huandikwa kabla ya barua, kwenye karatasi ya pembeni, na una sharti moja ambalo silegezi: usihesabu fedha ya mke. Usiguse mtaji wake wa vitenge, hisa zake za kikoba wala dhahabu yake. Akitaka kusaidia atasema mwenyewe baadaye. Barua inayokiri kosa na hapohapo kuomba mchango inamwachia mke wazo moja tu, kwamba umesema kwa sababu umekwama na fedha.

Usihesabu pia fedha unayomdai mtu mwingine. Mume wetu aliuza mchele wake kwa mfanyabiashara wa Msamvu kwa 1,650,000 kwa mali kauli, akalipwa 600,000, na 1,050,000 hazijalipwa hadi leo. Inauma kuziacha nje, lakini mpango unaosimama juu ya ahadi ya mtu utaanguka mwezi wa kwanza, na aibu yake itakuwa ya mume. Zikija zitakuwa nyongeza.

Kinachobaki mkononi mwake ni pikipiki anayoendea kazini, ambayo amepata mnunuzi wa 1,150,000, na uanachama wake wa Saccos. Kwa hiyo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuuza pikipiki. Analipa 960,000 kwa mkopeshaji wa mtaani na 115,000 za programu, jumla 1,075,000, zinabaki 75,000. Kuanzia Desemba nyumbani zinafika 582,500, na Juni mkopo wa Saccos unakwisha. Kazini atakwenda kwa daladala.

Njia ya pili ni kuongeza mkopo Saccos ili aondoke kwenye kausha damu na pikipiki ibaki. Tuseme Saccos yake inatoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mkopo wa 800,000 kwa miezi 12 utakuwa na rejesho la takribani 73,400 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka mzima haitafika 81,000. Ilinganishe na 160,000 anazolipa sasa kwa mwezi mmoja tu. Riba ya Novemba ataitoa kwenye mshahara wa mwezi huo kama kawaida, na mkopo mpya utamaliza mtaji. Makato yake yote yatakuwa karibu 211,000 kwa miezi saba ya mwanzo, badala ya 297,500 zinazomtoka leo. Ila zile 115,000 za programu atatafuta pa kuzitoa, atahitaji wadhamini, na akiba yake lazima iruhusu, kwani Saccos nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kwa mtumishi wa umma kuna na kizuizi cha theluthi: makato hayaruhusiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi.

Napendelea njia ya kwanza, kwa sababu deni linapungua siku ileile na mke anaona mume ametoa kitu chake. Hata hivyo zote mbili ziingie kwenye barua, na uamuzi aachiwe mke. Njia ya pili ni mkopo mpya, na mkopo mpya bila ridhaa yake ndio ugonjwa wenyewe unaotibiwa.

Maneno ya kuepuka

"Shetani alinipitia." Mke akisoma hapo anajua kwamba aliyekopa ameshatoka mlangoni na kumwachia lawama mwingine. Andika "nilikopa," "nilikuficha," "nilikudanganya," nafsi ya kwanza umoja, kitenzi wazi.

"Nilifanya yote kwa ajili yenu." Hata kama ni kweli, sentensi hii inamfanya mke awe mdaiwa wa shukrani. Eleza fedha zilikokwenda, na nia ataipima mwenyewe.

"Kama nimekukosea, naomba unisamehe." Neno "kama" linauliza swali ambalo jibu lake unalijua. Vivyo hivyo "naomba usikasirike": hasira ni yake, huna ruhusa ya kuipangia.

Uongo uliousema ili kulinda siri uutaje mmojammoja. Wanaume wengi hukiri deni na kusahau uongo, ilhali mke ataanza na huo. Mume wetu alisema kampuni imefuta malipo ya saa za ziada. Mke alimhurumia, akabana matumizi, labda akamwambia na mama yake. Jambo hilo lisipotajwa, barua nzima itakuwa na tundu.

Barua yenyewe

Iandike kwa mkono. Isizidi kurasa tatu. Ambatisha nakala za taarifa ya Saccos, mkataba wa mkopeshaji, picha za meseji za programu na hati za mshahara. Inaweza kusomeka hivi:

Morogoro, 15 Novemba

Mama Neema, mke wangu,

Nina madeni ambayo nimekuficha tangu mwezi wa sita. Kufikia tarehe 30 mwezi huu yatakuwa shilingi 2,037,500. Hayo ndiyo yote. Nimepitia simu yangu, hati za mshahara na mikataba, na nakala zake nimeziambatisha ili uhakikishe mwenyewe.

Nadaiwa sehemu tatu. Saccos ya kazini nilikopa 1,500,000 mwezi wa sita. Wananikata 137,500 kila mwezi na zimebaki 962,500. Mwezi wa saba nilikopa 800,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya 160,000 kila mwezi. Nimeshampa 480,000 za riba na mtaji wake haujapungua, kwa hiyo kumaliza tarehe 30 ni 960,000. Ana kadi yangu ya benki na namba ya siri. Programu mbili za simu zinanidai 115,000.

Fedha nilinunulia mpunga Ifakara. Uliniambia tusiingie kwenye biashara hiyo bila kuijua, nami nikaingia kwa siri nikitaka kuja kukuonyesha faida. Niliweka 2,300,000. Mpunga ulikuwa haujakauka vizuri, ulipokobolewa ukatoa chenga nyingi, nikauza kwa 1,650,000 kwa mfanyabiashara wa Msamvu. Amenilipa 600,000 tu. Katika hizo, 350,000 nililipa ada ya Neema mwezi wa nane na 250,000 ziliingia kwenye matumizi ya nyumbani. Karatasi yake ya 1,050,000 zilizobaki ninayo na utaiona.

Nilikudanganya. Nilikuambia kampuni imefuta saa za ziada, na si kweli. Mshahara wangu haujapungua hata shilingi, makato na riba ndivyo vilivyoula. Ulipoacha kununua mzigo mpya wa vitenge ili tufike mwisho wa mwezi, nilijua sababu na nikanyamaza. Hilo ni kosa kubwa zaidi ya deni, nami naomba msamaha wako. Sitakuuliza lini utanipa.

Kuna mambo yanayokugusa moja kwa moja. Programu zile niliziandikia namba yako ya simu, unaweza kupigiwa au kutumiwa meseji. Usilipe chochote, nipe simu niongee nao. Nyumba yetu na kiwanja cha Kihonda sijaviweka rehani, na hakuna karatasi niliyosaini kwa jina lako. Wanaojua habari hizi ni wadhamini wangu wawili wa Saccos na mkopeshaji. Katika ndugu zako na zangu hakuna anayejua.

Napendekeza niuze pikipiki. Nimepata mnunuzi wa 1,150,000. Tarehe 30 nitamaliza mkopeshaji wa mtaani na programu, zitabaki 75,000 ambazo nitakukabidhi. Kuanzia Desemba nitaleta nyumbani 582,500 badala ya 422,500, na Juni Saccos itakuwa imekwisha. Njia nyingine ni kuongeza mkopo Saccos wa 800,000 ili pikipiki ibaki, tulipe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Hesabu za njia zote mbili ziko ukurasa wa mwisho. Sitafanya mojawapo kabla hujasema.

Fedha za duka lako na za kikoba hazimo kwenye mpango huu na sitaziomba.

Kila tarehe 1 nitakuletea hati ya mshahara na risiti za malipo ya mwezi uliopita, tuziandike pamoja kwenye daftari. Meseji za fedha kwenye simu yangu unaweza kuzisoma wakati wowote bila kuniomba.

Nitakuwa nyumbani kesho kutwa Jumapili mchana kutwa. Ukiwa tayari tuongee, uliza lolote. Ukihitaji siku zaidi, chukua.

Mumeo,
Baba Neema

Angalia mpangilio wake. Jumla ya deni imo kwenye sentensi ya pili, kabla ya maelezo yoyote. Mke anayesoma aya nne za historia bila kujua kiasi husoma kwa hofu, na hofu hukuza deni. Baada ya jumla vinafuata vipande vyake, kisha zilikokwenda, uongo, yanayomgusa yeye, na mwisho mpango. Ukianza na mpango unaonekana unakimbilia kujisafisha.

Angalia pia aya ya wanaojua. Swali la "nani mwingine anajua?" huja karibu kila mara, na kwa wake wengi linachoma kuliko kiasi cha fedha. Kwa sababu hiyohiyo usimwambie mshenga, kaka yako, mchungaji au shehe kabla yake. Wazee wana nafasi yao iwapo mazungumzo yatakwama, lakini yeye ndiye wa kwanza kusikia.

Siku ya kumkabidhi

Usimpe siku ambayo mkopeshaji anategemewa kuja, wala usiku watoto wakiwa macho na kesho yake ni kazi. Usitume kwa wasapu. Mpe mkononi, mwambie kwa sentensi moja kwamba ndani kuna jambo la fedha ulilomficha, kisha mpishe asome. Usisimame mlangoni ukisubiri sura yake, na usitoke ukapotea hadi usiku. Kaa mahali anapoweza kukuita.

Anaweza kunyamaza siku kadhaa, au akataka kwenda kwao. Usimzuie, na usimtumie watu wa kumbembeleza. Akiuliza swali ambalo jibu lake huna, sema "nitalitafuta hadi kesho jioni," na kesho jioni ulilete. Akiuliza kama kuna deni jingine na ukakumbuka hata elfu kumi za dukani, zitaje palepale na uziongeze kwenye karatasi kwa mkono wako.

Akisema atatoa fedha za kikoba ziishe upesi, usizipokee siku hiyo. Mwombe mkae nalo hadi mwisho wa mwezi. Fedha zinazotolewa kwa mshtuko huleta ugomvi wa pili mbeleni, na katika hesabu hii hazihitajiki.

Siku ya kumlipa mkopeshaji wa mtaani

Hapa ndipo mipango mizuri huharibika. Wengi wao hawataki mtaji upunguzwe kidogo kidogo, kwa kuwa faida yao ni wewe kubaki na deni zima. Ukimpelekea 500,000 atakuambia ni riba ya miezi mitatu ijayo. Kwa hiyo usimpelekee hadi iwe kamili, na usitaje mapema kwamba unauza pikipiki.

Nenda na mke wako kama amekubali, na shahidi mwingine, vizuri zaidi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mtendaji au mwenyekiti. Lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu. Kabla hujaondoka uwe na vitu vitatu mkononi: mkataba wako halisi, kadi ya benki, na karatasi iliyoandikwa kwamba amepokea 960,000 na hadai tena, yenye tarehe, saini yake na za mashahidi. Siku hiyohiyo pita benki, ifute kadi ile na uchukue mpya yenye namba mpya ya siri, maana namba ya zamani anaijua.

Akianza kuongeza adhabu ambazo hazimo kwenye mkataba, muulize leseni yake. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na kwa wenye leseni ya daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana za watu, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 800,000 hiyo ni 28,000, dhidi ya 160,000 anazotoza. Wengi hulegea wakisikia neno Benki Kuu. Asipolegea, peleka nakala za mkataba na miamala huko. Programu za simu nazo zina utaratibu huohuo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yasiyo na kibali. Angalia kama zako zimo. Lipa ulichokopa na utunze risiti, kisha ukiona wanaendelea kutuma meseji kwa jamaa zako, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa mahali pa kulalamika.

Pikipiki ikiuzwa chini ya bei, tuseme 1,000,000, mlipe kwanza mkopeshaji wa mtaani 960,000 zote. Zinazobaki 40,000 zipunguze programu ile inayotuma meseji kwa watu, na 75,000 zilizosalia zitoke kwenye mshahara wa mwezi huo. Rekebisha karatasi ya mpango siku hiyohiyo na umwonyeshe mke, hata kama tofauti ni ndogo.

Daftari la tarehe 1 liwe na safu nne tu: tarehe, kilicholipwa, salio, saini zenu wawili. Kikao kisizidi nusu saa, na kisigeuke mahali pa kurudia kesi ya Novemba. Fedha za Msamvu zikilipwa, ziandikwe siku zinapoingia, na mke ndiye aseme ziende wapi: kumaliza Saccos mapema, au mzigo wa vitenge alioacha kununua. Juni Saccos ikishamaliza makato, chukua barua ya kuthibitisha mkopo umekwisha, hakiki kwenye hati ya mshahara wa Julai kwamba 137,500 hazikukatwa tena, kisha watafute wadhamini wako wawili uwaambie kwamba wako huru.